Asilimia 30 ya kazi ipi?

Mpwa wangu amenionesha tangazo lililobandikwa mlangoni kwa saluni moja huku Mwanakwerekwe. Anatakiwa msichana wa kujifunza ufundi wa kucha, saa tatu asubuhi hadi saa moja usiku, siku sita kwa wiki. Kazi ni kuosha na kusugua miguu, kutoa kucha za zamani, kupaka rangi na jeli. Malipo ni asilimia 30 ya kazi yake. Chini kabisa: mafunzo yatatolewa.

Kilichonikera ni hiyo asilimia. Pale jeli ya mikono ni shilingi 25,000, kwa hiyo fundi hupata 7,500 kwa kila mteja. Lakini mwanafunzi hakabidhiwi mteja wa kupaka miezi ya mwanzo. Anapewa kutoa. Akwangue jeli ya juu kwa faili, aweke pamba yenye asetoni kwenye kila kidole, aizungushie foili, asubiri dakika 10 hadi 15, kisha aisukume kwa kijiti taratibu. Akiibandua kwa nguvu, na tabaka la ukucha wenyewe linatoka. Kazi hiyo imo ndani ya zile 25,000, na asilimia huandikiwa aliyepaka. Mtoto anaweza kuwatoa kucha watu watano tangu asubuhi na jioni akarudi bila nauli.

Halafu ije Ramadhani. Wanawake wengi hapa hawapaki, maana maji ya udhu hayafiki kwenye ukucha. Fundi anakaa mpaka siku za mwisho kabla ya Iddi, ndipo wateja wanapomiminika. Mimi naona lazima kiwepo kiasi maalumu cha kila mwezi, hata kikiwa kidogo, na asilimia ije juu yake.

Hayo mafunzo nayo yatajwe ni ya nini. La kwanza ningetaka afundishwe kupaka jeli nyembamba isiguse ngozi. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio: vidole vinawasha, vinatoa malengelenge, vinapasuka. Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hautoki, na fundi anaweza kulazimika kuacha kazi. Ikipakwa nene, juu inakauka kwenye taa na chini inabaki mbichi. Dalili mojawapo ni kukunjamana. Glavu je, nani ananunua? Tangazo halisemi.

Jumamosi nilimsindikiza tukaulize. Mwenye saluni alitusikiliza vizuri, akakubali kuandika shilingi 3,000 kwa kila mteja atakayetolewa kucha, na glavu atanunua yeye mwenyewe mwenye saluni. Kuhusu Ramadhani alisema, "Hilo tutazungumza, dada." Nimemwambia mpwa wangu asianze mpaka lizungumzwe na liandikwe.