Anza na Kidole Kilichozama, Achana na "Tangu Jadi"

Wiki hii nimesoma insha za wanafunzi wa hapa Kisumu kuhusu gugu maji, na karibu zote zimefunguliwa vilevile: "Tangu jadi, mazingira yamekuwa nguzo ya maisha ya binadamu." Imeniuma. Watoto hawa wanaishi Dunga na Nyalenda, ziwa wanalijua kuliko mimi, halafu wanaandika kama watu ambao hawajawahi kuliona. Sentensi hiyo ukiihamishia kwenye insha ya misitu au ya takataka, hubadilishi hata neno. Msomaji hana la kupinga wala la kuuliza, basi kwa nini aendelee?

Binti mmoja alikuwa na insha nzuri, ila aliifukia kwenye aya ya tatu. Baba yake alitoka alfajiri kutega nyavu, upepo ukageuka, gugu likasukumwa ufuoni na kuziba njia ya mashua. Alipofika nchi kavu ilikuwa saa sita mchana. Mama mchuuzi aliyekuwa akimngoja alibonyeza samaki, akakataa kununua.

Nilimwomba afute aya mbili za mwanzo, aanze hapo. Rasimu ya kwanza baada ya hapo ilianza baba akiamka, akinywa chai, jua likichomoza. Vyote tukavikata, maana hasara haimo kwenye chai. Imo kwenye kidole cha yule mama. Akaandika:

"Mama mchuuzi alibonyeza tumbo la ngege, kidole kikazama, akafunga pochi yake. Mashua ya baba ilikuwa imenaswa kwenye gugu tangu asubuhi. Tukiendelea kungoja upepo uje kutuondolea gugu, wavuvi ndio watakaolipa."

Sentensi ya tatu ndiyo hoja yake, na imekuja mapema, kabla msomaji hajaanza kudhani anasimuliwa hadithi. Kauli pana haikupotea: imesogea nyuma ya tukio, ikapata kitu cha kusimamia, ikawa kauli ambayo mtu anaweza kubishana nayo.

Si kila tukio linafaa. Mwenzake alifungua kwa mashua kupinduka, watu wakipiga mayowe, kumbe insha ilihusu bei ya samaki. Funika tukio kwa kiganja, usome kuanzia aya inayofuata. Kama hoja haijapungukiwa na kitu, umechagua tukio kwa sababu ya kishindo chake tu. Tafuta lingine, hata liwe dogo.

Najua kuna walimu watakaosema mwanzo mpana ni utangulizi wenye adabu. Kwa ripoti ya kamati, sawa, nawaachia: pale msomaji anataka picha ya jumla kwanza, si tukio. Na kama "tangu jadi" inamsaidia mwanafunzi kushika kalamu, aiandike kwenye rasimu. Lakini akishafika kwenye kidole cha mama mchuuzi, arudi juu aifute, na mwalimu asimlazimishe kuirudisha.