Zoom ikijaa, waliobaki nje waende wapi?

“Akaunti yetu ya Zoom inabeba watu 100, waliojiandikisha kwa mafunzo ni 240. Tuwarushie wengine YouTube au tufungue chumba cha pili?”

Kama ni mhadhara wa kusikiliza tu, YouTube inatosha. Haijai, na mwenye bando dogo anaweza kushusha picha hadi 144p akaendelea kumsikia mzungumzaji vizuri.

Mafunzo yenye maswali ni habari nyingine, kwa sababu matangazo mubashara ya YouTube humfikia mtazamaji yakiwa yamechelewa, pengine kwa nusu dakika. Mwendeshaji anasema, “Kama hakuna swali tuendelee,” anasubiri kidogo, anaendelea. Aliyeko YouTube ndiyo kwanza anasikia akialikwa kuuliza, na akimaliza kuandika, mada imeshahama. Walio ndani ya Zoom hawalioni hilo; wanadhani wenzao hawana la kuuliza. Ukichagua njia hii, mpe mtu mmoja kazi ya kusoma maoni ya YouTube tu, na mwendeshaji asifunge maswali mpaka mtu huyo amwambie.

Mkutano wa pili wa Zoom una faida ya majina kuonekana na watu kujadiliana. Lakini leseni ya kawaida haiendeshi mikutano miwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtahitaji akaunti nyingine, na ikiwa ya bure itakata baada ya dakika 40. Mahitaji hayaishii hapo: lazima awepo mtu wa kurusha skrini ya mkutano wa kwanza ndani ya wa pili. Akisahau kuweka tiki kwenye Share sound, chumba kizima kinaona slaidi bila kusikia neno. Mtandao wake ukikatika, wote wamekosa. Na baada ya shida yote hiyo, vyumba viwili vya watu 100 bado vinawaacha 40 nje.

Mimi ningeanza na ukumbi. Zoom inahesabu vifaa vilivyounganishwa, haihesabu vichwa. Tuseme washiriki 160 wanafanya kazi katika vituo vinane: kila kituo kikikusanya watu 20 mbele ya projekta, mmetumia nafasi nane. Wale 80 waliobaki wajiunge mmoja mmoja, jumla 88. Zinabaki 12 za wawezeshaji, na za wale wanaoingia kwa simu na kompyuta pamoja. Swali la ukumbini linafika papo hapo, mradi kipaza sauti kizimwe wakati hakuna anayeongea, vinginevyo mwangwi utawasumbua wote.

YouTube ibaki akiba, ila iandaliwe mapema: chaneli ambayo haijawahi kurusha mubashara inaweza kusubiri hadi saa 24 kabla ya kuruhusiwa. Kama mtajadili habari za wagonjwa au wanafunzi, msiitumie kabisa, maana hata video ya Unlisted inafunguka kwa yeyote atakayetumiwa linki.