Safu Tatu Zisizozungumza: Vitamini A katika Karatasi za Marudio

Kila muhula unapoelekea ukingoni, wanafunzi wa stashahada ya lishe ninaowasaidia hapa Soroti huja na karatasi zao za marudio, na kwa kuwa baadhi yao wametoka Kenya na Kongo, tunayapitia masomo hayo kwa Kiswahili. Karatasi hizo karibu zote zina jedwali la safu tatu: chakula, kazi mwilini, dalili za upungufu. Kwenye mstari wa vitamini A utakuta maneno haya: karoti, maini, viazi vitamu, macho na ngozi, upofu wa usiku. Maoni yangu ni kwamba mstari huo hautamfaa mwanafunzi atakapokaa mbele ya mama na mtoto, kwa sababu hakuna kinachomweleza namna safu moja inavyozaa nyingine. Karatasi ianze na kazi ya kirutubisho mwilini, na dalili pamoja na chakula vitokane na kazi hiyo.

Tuchukue macho. Ndani ya retina zimo seli zenye umbo la fimbo, ambazo ndizo hutuwezesha kuona penye mwanga hafifu. Katika seli hizo vitamini A, ikiwa katika umbo la retinali, hushikana na protini iitwayo opsini na kuunda rodopsini. Mwanga unapoipiga rodopsini, viungo hivyo viwili huachana na ishara hupelekwa kwenye ubongo. Ili jicho lione tena gizani, ni lazima rodopsini iundwe upya, na kiasi cha vitamini kinachopotea katika mzunguko huo kijazwe kutoka kwenye damu. Mwanafunzi aliyeelewa hatua hizi hahitaji kukariri upofu wa usiku. Ataona mwenyewe kwamba mtoto mwenye upungufu, akitoka kwenye jua kali na kuingia katika nyumba yenye giza, atachelewa mno kuzoea giza hilo, na kwamba jioni atapapasa kutafuta sahani ambayo wenzake wanaiona.

Kazi ya pili ni kuelekeza ukuaji wa seli za tando zinazofunika jicho, koo, mapafu na utumbo. Vitamini A ikipungua, seli zinazotoa ute hupungua na mahali pake huchukuliwa na seli ngumu zilizojaa keratini. Sehemu nyeupe ya jicho hukauka, kisha huweza kutokea madoa ya Bitot, yanayofanana na povu jeupe, mara nyingi upande wa jicho ulio karibu na sikio. Ukavu ukifika kwenye konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, konea hupoteza mng'ao, huweza kupata kidonda, na hatimaye kulainika na kuharibika. Mfuatano huu uandikwe kwenye karatasi kwa mpangilio wake, kwa kuwa mtoto aliye katika hatua ya upofu wa usiku huweza kupona kabisa, ilhali konea iliyokwisha kuharibika huacha kovu la kudumu.

Sasa turudi kwenye safu ya chakula, ambayo ndiyo hunisikitisha zaidi. Kuandika «viazi vitamu» katika Uganda bila kutaja rangi ni kosa. Viazi vyenye nyama nyeupe, ambavyo familia nyingi hapa Teso hulima na kukausha kuwa amukeke, vina kidogo sana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kiasi kwamba haviwezi kuhesabiwa. Vyenye nyama ya rangi ya chungwa ndivyo vilivyo na utajiri huo. Aina za Ejumula na Kakamega ziliidhinishwa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2004, zikafuatiwa na Vita na Kabode mwaka 2007. Mganda Robert Mwanga, mmoja wa watafiti walioshughulikia viazi hivi, alikuwa miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Majina haya yanastahili kuwamo kwenye karatasi ya mwanafunzi wa Uganda, kwa sababu ndiyo mama atakayoyataja anapotafuta mbegu.

Ziada ya hapo, beta-karotini si vitamini A bado. Hukadiriwa kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini kutoka kwenye chakula huupa mwili mikrogramu 1 ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Tuseme zoezi linatoa kiazi cha chungwa chenye mikrogramu 6,000 za beta-karotini katika kila gramu 100. Ukigawa kwa 12 unapata mikrogramu 500 za retinoli, na kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hukadiriwa kuhitaji takriban 400 kwa siku, gramu 80 zingetosha. Lakini hesabu hiyo husimama tu ikiwa mlo una mafuta kidogo, maana beta-karotini hufyonzwa pamoja na mafuta. Kijiko cha odi, yaani karanga na simsim zilizosagwa, hutosha kuisaidia. Vilevile, viazi vya chungwa vikikaushwa juani na kuwekwa kwa miezi, beta-karotini huendelea kuharibiwa na oksijeni, kwa hiyo thamani ya kiazi kibichi isinakiliwe kwa amukeke.

Hivi karibuni niliwapa wanafunzi kisa cha kubuni: mtoto wa miaka mitatu, anakula uji na viazi vyeupe, mboga za majani zilizochemshwa bila odi wala mafuta, aliugua surua wiki tatu zilizopita, na mama anasema jioni hujikwaa. Wengi waliandika jibu moja: ale karoti. Hawakuiona surua, kwa kuwa jedwali lao halina mahali pa kuiweka. Hata hivyo surua hupunguza hamu ya kula na ufyonzaji, huongeza matumizi na upotevu wa vitamini A, na hushambulia tando zilezile ambazo upungufu umekwisha kuzidhoofisha. Mtoto huyu anahitaji kupelekwa kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu tiba ya kawaida kwa umri wake ni dozi ya vitamini A ya yuniti 200,000 papo hapo, nyingine kesho yake, na ya tatu baada ya wiki mbili au zaidi. Viazi vya chungwa na odi ni vya kumlinda baada ya hapo. Havitajaza akiba ya vitamini A katika ini kwa haraka inayotakiwa.

Naongeza kisanduku kidogo kuhusu vitamini A inapozidi, maana maini na vidonge vyenye retinoli, vikizidi, huweza kuidhuru mimba changa, wakati beta-karotini nyingi ya chakula hugeuza tu viganja kuwa vya manjano.

Njia hii ina mpaka wake, nao lazima uonekane kwenye karatasi. Zipo dalili zisizoelekeza kwenye kirutubisho kimoja. Pembe za mdomo zilizopasuka huandikwa kwenye mstari wa vitamini B2, ingawa upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini B6 huweza kuleta hali hiyohiyo, na maambukizi ya kuvu pia. Kwa dalili kama hiyo ninawaagiza wanafunzi waandike mdomo katikati ya ukurasa, wachore mishale kutoka kila upande, na pembeni mwa kila mshale waandike swali la kumwuliza mama: mtoto hunywa maziwa, hula nyama au samaki, chai hutolewa pamoja na mlo?