Pathi au maski: kiondo na sufuria kwenye ukurasa mmoja wa katalogi

Wakitumia Photoshop kutenga bidhaa na mandharinyuma yake, wabunifu wengi wa Nairobi hukata bidhaa zote za katalogi kwa njia moja. Waliozoea pathi huchora pathi hata kwenye manyoya, na waliozoea maski humaskia hata bakuli la chuma. Tuchukue ukurasa wenye sufuria ya alumini na kiondo cha katani, vyote vimepigwa picha mbele ya karatasi nyeupe, na ukurasa wenyewe ni wa rangi ya damu ya mzee.

Pathi ni mstari unaochorwa kuzunguka bidhaa, nao hukokotolewa upya pale pleti ya kuchapia inapotengenezwa. Mashine ya pleti ikifanya kazi kwa doti 2400 kwa inchi, ukingo wa sufuria utakatwa kwa ukali huo, hata kama picha ina pikseli 300 tu kwa inchi. Maski yenyewe imeundwa kwa pikseli za picha, na kila pikseli yake ina kiwango kimoja kati ya 256, kuanzia kuficha kabisa hadi kuonyesha kabisa. Kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli moja ni takriban milimita 0.085. Mteja akiomba sufuria iongezwe ukubwa mara mbili, pikseli hiyo inafika milimita 0.17 na ukingo unaanza kulegea. Ukingo wa pathi haubadiliki.

Kwa sufuria kuna sababu nzito zaidi ya ukali. Alumini inayong'aa huakisi ile karatasi nyeupe, kwa hiyo sehemu ya mdomo wake inalingana na mandharinyuma. Zana ya kuchagua kiotomatiki haioni mpaka hapo, nayo humega mdomo wa chombo. Mchoraji wa pathi anajua mdomo ni mviringo, hivyo anapitisha mkunjo juu ya pengo bila kuhitaji kuuona. Nukta nne zinatosha. Kuza picha hadi asilimia 200, chora pikseli moja au mbili ndani ya ukingo ili weupe usibaki, hifadhi pathi, kisha chagua Clipping Path kwenye menyu ya paneli ya Paths na uache Flatness wazi. Kwenye InDesign nenda Object > Clipping Path > Options, kisha uchague Photoshop Path.

Kwa kiondo, wengi husema moja kwa moja kwamba nyuzi zinazochomoza zinataka maski. Nadhani tuulize kwanza kitachapishwa kwa ukubwa gani. Kiondo cha upana wa sentimita 30 kikionyeshwa kwa milimita 60, uzi wa katani wa milimita 0.2 unabaki milimita 0.04, chini ya nusu ya pikseli. Skrini ya uchapaji, yaani gridi ya doti za wino, yenye mistari 175 kwa inchi ina vyumba vya doti vya milimita 0.145, kwa hiyo uzi huo hauwezi kuchapika kama uzi. Ukiuhifadhi kwa maski, kinachotoka ni madoa hafifu kuzunguka kiondo, na mteja atadhani karatasi ina vumbi. Kwa ukubwa huo pathi inashinda hata kwenye katani, mradi uikate pia nafasi iliyo ndani ya mkono wa kiondo.

Kiondo hichohicho kikipanda jalada kwa milimita 180, uzi unafika milimita 0.12, zaidi ya pikseli moja. Sasa unaonekana, na pathi ingeunyoa kiondo kikaonekana kama cha plastiki. Hapo changanya: chora pathi kwenye mwili na mikanda ya ngozi, igeuze kuwa uteuzi wenye Feather Radius ya pikseli 0.5 ili ukingo ulainike kidogo, ifanye maski, halafu fungua sehemu ya nyuzi pekee kwa brashi. Nyuzi zilizopigwa mbele ya nyeupe hubeba weupe wake, na juu ya damu ya mzee zitang'aa kama mvi. Washa Decontaminate Colors ndani ya Select and Mask kabla ya kutoa faili.

Maski ina gharama nyingine kwa mchapaji. PDF/X-1a, aina ya PDF ya kupeleka kwa mchapaji, hairuhusu uwazi ambao maski huuleta, kwa hiyo ukurasa hukatwa vipande, na maandishi yaliyo chini ya picha yenye maski yanaweza kunenepa. Weka maandishi kwenye leya ya juu. Ukiona mistari myembamba myeupe kwenye PDF, kuza: isiponenepa, ni ya skrini ya kompyuta tu na haitachapika. Mchapaji akipokea PDF/X-4, uwazi unabaki mzima hadi kwake.

Pathi husafiri ndani ya JPEG lakini maski haiwezi. Inahitaji PSD au TIFF. Hata hivyo, JPEG ikitumwa WhatsApp kama picha hubanwa upya na pathi hupotea, kwa hiyo itume kama hati.