Unaufahamu ukurasa kwa sura tu

"Daftari la Baiolojia nimelisoma mara nne na kila ukurasa nimepaka hailaita, mbona kwenye mtihani natoka kapa?"

Mdogo wangu, mara ya nne macho yanateleza kwa sababu maneno umeshayazoea, na wewe unadhani ule wepesi ndio kujua. Ni kama jirani unayesalimiana naye kila siku ila jina lake hulijui. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima hili kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kwa kipindi kimoja, kisha likaandika kila lilichokumbuka bila kuchungulia, kwa vipindi vitatu. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, wakikumbuka asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki wakaachwa, 40 kwa 61. Ndiyo maana kukesha kunadanganya: asubuhi kitu kipo, wiki ijayo hakipo.

Chukua moyo. Soma mara moja, funika, chora vyumba vinne na mishale ya damu. Utakwama, nadhani pale kwenye ateri ya mapafu, maana yenyewe inabeba damu yenye oksijeni kidogo, tofauti na ateri nyingine. Usifungue haraka, hangaika kwanza dakika moja. Ndipo ukague na urekebishe kwa kalamu nyekundu, maana usipokagua hata kosa linakaa kichwani. Chora tena kesho, halafu baada ya siku nne. Ila kama somo lenyewe hukulielewa, kufunika hakusaidii, mwone mwalimu kwanza. Hailaita paka pale ulipokwama tu.