Siagi Imenigomea

Nani alimwambia binti yangu kwamba duniani kuna kitu kinaitwa kruasani? Miaka kumi anakula vitumbua bila lawama, leo kaona picha kwenye simu ya shangazi yake, anataka siku yake ya kuzaliwa iwe na "ule mkate wa mwezi mchanga". Nami badala ya kunyamaza nikasema, "Hiyo si chapati tu, mwanangu? Nitakupikia."

Mdomo huu utaniponza.

Kweli kuna undugu na chapati: unasukuma, unatia mafuta, unakunja, unasukuma tena. Ila chapati haina makuu. Kruasani inataka siagi ikae ndani ya unga kama shuka, shuka juu ya shuka, bila kuchanganyika mpaka iingie kwenye oveni. Humo ndani ya siagi mna maji, kama asilimia 16. Yakipigwa na moto yanakuwa mvuke, pamoja na mvuke wa unga wenyewe, na kila tabaka linanyanyuka kivyake. Siagi ikiyeyukia kwenye unga kabla ya hapo, umepika skonzi, tena skonzi ya bei mbaya.

Maana dukani kwenyewe niliomba siagi nikapewa majarini. Nikasema nataka siagi ya ng'ombe, muuzaji akaniuliza kama nina mgeni. Gramu 250 kwa nusu kilo ya unga! Nilipolipa, mkono ulitetemeka.

Siku ya kwanza nilianza saa nane mchana. Februari, Dar es Salaam, jikoni nyuzi 32, feni inasambaza joto tu kwa usawa. Siagi inalegea ikipita nyuzi 20. Yangu ililegea nikiwa bado naitafuta sahani. Mkunjo wa pili ikatokea pembeni, ikapaka kibao, ikapaka mchi, ikanipaka mpaka kwenye viwiko. Nikanyunyizia unga, ikawa uji.

Siku ya pili nikajifanya mjanja, siagi nikaigandisha usiku kucha. Ikatoka kama kigae, na kama kigae ikapasuka. Juu ya unga laini nasikia kabisa: ka, ka, ka. Vipande vikakaa kimoja huku kingine kule, na palipo na nafasi unga umeshikana na unga. Kwenye oveni pale pakawa mkate mtupu.

Kumbe siagi haitakiwi kuwa baridi tu, inatakiwa iwe baridi na ikunjike. Kama nyuzi 15 hivi. Unaitoa kwenye friji, unaiweka kati ya karatasi mbili, unaipiga kwa mchi mpaka iwe bapa na ukiikunja isivunjike. Na unga nao uwe na ubaridi na ulaini uleule, maana kimoja kikiwa kigumu kuliko kingine, kigumu kinamrarua mwenzake.

Siku ya tatu niliamka saa kumi alfajiri, kama mtu wa daku. Unga nilishaukanda jana kwa maji ya barafu na hamira, umelala kwenye friji. Sinia la barafu nikaliweka juu ya meza robo saa nzima, nikafuta maji, nikasukumia papo hapo. Siagi katikati, unga ukafunikwa kama bahasha, nikasukuma mstatili, nikakunja mara tatu kama barua. Friji, nusu saa. Tena. Friji. Tena. Tatu, tisa, 27: ndiyo hesabu ya mashuka ya siagi. Hiyo nusu saa usiiibe, kwa sababu unga nao unachoka na kuvutika kama mpira. Ukiulazimisha, unapasua siagi.

Mke wangu akatokea na kanga. "Baba Neema, umefungua na kufunga friji mara ngapi? Luku inalia."

Nikakata pembetatu. Pembeni ikaonekana mistari, nyeupe, njano, nyeupe, kama kurasa za msahafu. Nilitaka kuamsha majirani.

Kisha maelekezo yakasema: acha ziumuke mahali penye joto. Penye joto! Aliyeandika hajafika Mbagala. Zikipita nyuzi 28 siagi inaanza kuvuja, na ovenini zinajikaanga katika mafuta yake zenyewe. Nikaziweka chumbani, beseni la barafu chini ya meza, saa mbili nikizilinda kama mgonjwa. Ukitikisa sinia zinatikisika kama shavu la mtoto. Hapo ziko tayari. Oveni nyuzi 195, dakika 18.

Zikatoka. Nikaipasua moja, ikalia, maganda yakaruka mpaka sakafuni, na ndani matundu makubwa kama sega la nyuki. Machozi yakanilenga.

Neema akachungulia, akamgeukia mama yake.

"Mama, mbona ndani tupu? Baba kaishiwa unga?"