Kuonjesha Riwaya Bila Kumwaga Mtama

"Nikiweka vipande vya riwaya yangu Instagram kabla ya uzinduzi, si nitakuwa nimewamalizia watu uhondo?"

Hofu hiyo ina msingi, ila waandishi wengi huchunga sura ya mwisho huku siri ikivujia sura ya tatu.

Tuseme riwaya inamhusu binti aliyerudi Pangani kumzika baba yake, na siri yake ni kwamba mgeni aliyefika msibani ni dada yake wa damu. Mwandishi anaandaa posti ya picha saba za kutelezesha. Ya kwanza ina sentensi mbili tu: "Baba tulimzika saa kumi. Saa kumi na mbili, mwanamke tusiyemjua alibisha hodi akidai funguo." Hapo kidole chenyewe kinakwenda kwenye picha ya pili. Lakini ya tano inasema: "Alipocheka, nilimwona baba." Ni sentensi nzuri, pengine kuliko zote kitabuni, na ndiyo inayomwaga mtama. Kitabuni imezungukwa na kurasa za mashaka. Kwenye picha imesimama peke yake, na msomaji anaona jibu papo hapo. Ningeitoa, niweke pale binti anapopapasa koti la marehemu na kukuta mfuko umeshapekuliwa.

Kabla ya kuposti, mpe mtu ambaye hajasoma mswada azipitie picha zote kwa mpangilio, kisha umuulize anadhani yule mwanamke ni nani. Akitaja watu watatu, mke wa pili, mdai, mtoto wa nje, uko salama. Akitaja mmoja tu bila kusita, tena ndiye, rudi ukapunguze.

Wanaopinga vionjo nao wana hoja nzito. Ile "itaendelea" ya hadithi za magazetini ilifanya kazi kwa sababu msomaji alipata kipande kinachofuata kwenye toleo lijalo, kwa bei ileile ndogo. Mwenye riwaya anamkatia msomaji utamu kisha anamdai bei ya kitabu kizima. Isitoshe, kuna riwaya zinazobebwa na lugha na utulivu. Ukikata vipande vyake kwenye taharuki tupu, unauza kitabu cha mbio ambacho hukuandika, na mnunuzi atakudai hizo mbio.

Hoja hii ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, lakini hainifanyi niache vionjo. Inanifanya nichague picha moja, hasa ya pili, isiyo na fumbo lolote: aya moja ya sauti ya kitabu, maneno kama 40, jinsi msiba unavyonuka ubani na kahawa. Instagram wakati mwingine humrudishia mtu posti aliyoipita ikianzia picha hiyo ya pili, kwa hiyo lazima ieleweke bila ya kwanza. Atakayeipenda aya hiyo atakipenda kitabu, hata akishabashiri yule mgeni ni nani.